Wangari: Binti Aliyerudi kwenye Jina la Nyanya Yake

Kwa Wakikuyu, mtoto hatafutiwi jina. Jina lipo, linamngoja. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, wa pili kwa jina la mama wa mama yake. Nafasi hizo nne zikijaa, zamu huwafikia ndugu za baba na ndugu za mama.

Ndiyo maana binti aliyezaliwa kijijini Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940, hakuitishiwa kikao cha kuchagua jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa mama yake na msichana wa kwanza, kwa hiyo akaitwa Wangari, jina la nyanya yake mzaa baba. Dunia ilikuja kumfahamu kama Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la kupanda miti la Green Belt na mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Lakini kwa miaka mingi ya ujana wake, jina hilo la nyanya lilifunikwa na majina mengine hadi likakaribia kusahaulika. Jinsi alivyolielewa na kuamua kubaki nalo ni hadithi fupi, naye mwenyewe aliisimulia katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006.

Sehemu ya kwanza ya maana aliipata kwa mama yake. Katika Kikuyu, ngari ni chui, na Wangari ni wa ngari, yaani wa chui. Ihithe iko karibu na msitu wa milima ya Nyandarua, na chui walikuwa wanyama wa kweli ambao mtoto anayetumwa kuni angeweza kukutana nao. Mama alimfundisha bintiye hivi: ukiwa njiani ukiona mkia wa chui, usiukanyage. Endelea na safari yako, na umwambie chui kwamba wewe na yeye ni wa jina moja, hivyo hakuna sababu ya kugombana. Binti aliamini kwamba chui angemtambua, na akaingia msituni bila hofu. Kwa mtoto huyo jina lilikuwa undugu na mnyama ambaye wenzake walimwogopa.

Sehemu ya pili ya maana haimo katika neno lenyewe, na ndiyo inayowapita watu wengi. Mtoto aliyepewa jina la nyanya huchukuliwa kuwa nyanya huyo amerudi. Baba mtu mzima humwita binti yake mchanga maitu, yaani mama, na hatanii. Shangazi hutafuta usoni mwake dalili za mama yao, na wakubwa humheshimu kwa namna ambayo hawamheshimu mtoto mwingine wa rika lake.

Sasa fikiria mzee mwenye wana watano. Kila mmoja akipata binti, wa kwanza ataitwa jina lilelile la nyanya. Ukoo mmoja unaweza kuwa na akina Wangari watano, na ukiita uani, wote wataitika. Kinachowatenganisha ni jina la baba: Wangari wa fulani na Wangari wa fulani. Huyu wetu alikuwa Wangari wa Muta, kwa kuwa baba yake alikuwa Muta wa Njugi. Jina la nyanya lilimweka ndani ya ukoo, na jina la baba likamwonyesha nyumba yake. Ukiondoa moja, lililobaki halimtambulishi mtu kikamilifu.

Ukristo na shule za kikoloni zilivuruga mpangilio huo, na zilifanya hivyo kidogo kidogo. Kwanza binti alibatizwa, akaitwa Miriam. Alipokwenda shule ya bweni ya Wakatoliki huko Nyeri alijiunga na kanisa hilo na kuchukua majina ya Maria na Yosefu kwa Kiingereza, akawa Mary Josephine, na marafiki wakalifupisha kuwa Mary Jo. Katika daftari za shule jina la ubatizo liliandikwa mwanzo, na Wangari likasukumwa mwisho, mahali ambapo Mzungu huandika jina la familia. Muta hakuonekana tena. Hapakuwa na mtu aliyemkataza binti huyo kutumia jina lake. Mpangilio wa kuandika tu ulitosha kumbadilisha.

Kosa lilidhihirika akiwa mbali na nyumbani. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa wanafunzi Wakenya waliopelekwa Marekani kwa ufadhili wa masomo, akaingia chuo cha watawa mjini Atchison, jimbo la Kansas. Huko wakamwita Misi Wangari. Katika Kiingereza, Misi hufuatwa na jina la baba, kwa hiyo masikioni mwa Mkikuyu maneno hayo yalisema kwamba yeye ni binti wa Wangari. Amekuwa binti wa nafsi yake, au binti wa nyanya yake, na baba hayupo kabisa. Jambo ambalo Nyeri lilipita bila kuonekana lilimkera katika nchi ya watu, kwa sababu kule hapakuwa na mtu aliyejua Muta ni nani.

Aliporudi Kenya mwaka 1966, akiwa na shahada ya uzamili ya baiolojia kutoka Pittsburgh, alikuwa ameamua. Mary Josephine aliliacha. Akajiita Wangari Muta, kama ambavyo angeitwa tangu utotoni. Hakuishia kulirudisha jina la nyanya. Alilirudisha mahali pake, mwanzoni, na jina la baba likafuata. Kama angebaki Wangari peke yake mwishoni mwa majina ya kigeni, angekuwa na neno la nyanya bila nafasi ya nyanya.

Ndoa ilileta jaribio jingine. Alipoolewa na Mwangi Mathai alichukua jina la mumewe, na baada ya talaka mwishoni mwa miaka ya 1970 mume alitaka aliache. Yeye hakukubali kubadilishwa jina kila anapobadilika mwanamume maishani mwake. Akaongeza herufi a moja, Mathai likawa Maathai, jina lake mwenyewe. Angalia kipi kiliguswa na kipi hakikuguswa. Jina la ubatizo lilikwenda, la mume likarekebishwa, lakini Wangari halikuongezwa wala kupunguzwa chochote.

Desturi nayo iliendelea nyumbani kwake. Mtoto wake wa tatu, mvulana wa pili, aliitwa Muta, kwa kuwa nafasi hiyo ni ya babu mzaa mama. Jina lililofutwa kwenye daftari za shule likarudi kwa njia yake ya kawaida, kupitia mtoto.

Leo vitambulisho vingi vya Wakenya vinaanza na jina la ubatizo, kisha la ukoo, kisha la baba. Msichana mwenye majina kama hayo akitaka kujua la kati linabeba nini, kamusi itampa nusu tu ya jibu. Nusu nyingine atapewa na baba au shangazi akiwauliza: hili lilikuwa la nani, na alikuwa mtu wa namna gani? Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Miongoni mwa waliotajwa kuachwa naye ni mjukuu wa kike, mtoto wa binti yake, naye anaitwa Wangari.