Ndoano au Marisau: Namna Mbili za Kuwajua Bakteria wa Tumboni

Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliofanyika kwenye kambi mbili za Wahadza, Dedauko na Sengele, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Wahadza 27 walikuwa wametoa kinyesi chao kipimwe, nacho kikalinganishwa na cha watu wazima 16 wa mji wa Bologna, Italia. Upande mmoja walikuwapo watu wanaoishi kwa mizizi ya porini, ubuyu, asali, matunda na nyama ya kuwinda. Upande wa pili, watu wanaonunua chakula chao dukani.

Majibu yalikuja na mambo mawili yaliyowashangaza wengi. Bakteria wa jenasi ya Bifidobacterium, wale wanaosifiwa kwenye vikopo vya mtindi kuwa ni rafiki wa tumbo, hawakuonekana kwa Wahadza. Badala yao walijaa Treponema, na Treponema ndiyo jenasi ya bakteria wa kaswende.

Anayesoma haraka angeshtuka. Lakini kipimo kilichotumika kilikuwa kimeleta majina ya koo tu, na jina la ukoo halitoshi kumjua mtu: ndani ya ukoo mmoja kuna mwizi na kuna imamu. Kuelewa kile ambacho utafiti ule uliweza kusema, na kile ambacho haukuweza, kunahitaji kwanza kuingia maabara.

Kazi huanza na kipande cha kinyesi kisichozidi sana punje ya hindi. Huwekwa kwenye kichupa chenye dawa na shanga ndogo mno, kisha mashine hukitikisa kwa nguvu hadi bakteria wapasuke na DNA yao imwagike. Hatua hii inaonekana ya kawaida, ila ndiyo ya kwanza kupotosha hesabu. Bakteria wengine wana kuta nene, na wakitikiswa kidogo hubaki wazima na siri yao ndani. Kwenye majibu wataonekana kana kwamba hawakuwapo.

DNA ikishapatikana, njia zinagawanyika.

Njia ya kwanza ni ya ndoano. Kila bakteria ana jeni iitwayo 16S, yenye herufi 1,500 hivi, inayohusika na mtambo wa kutengeneza protini ndani ya seli. Kwa kuwa hakuna bakteria anayeweza kuishi bila mtambo huo, sehemu kubwa ya jeni hii hufanana kwa wote. Katikati ya sehemu hizo, hata hivyo, yapo maeneo tisa yanayotofautiana kati ya aina na aina. Ni molekuli hii ambayo Carl Woese na George Fox waliitumia mwaka 1977 kuonyesha kwamba akea, viumbe vya seli moja vilivyodhaniwa kuwa bakteria, ni tawi lao peke yao.

Ndoano zenyewe huitwa praima. Ni vipande vifupi vya DNA vinavyotengenezwa maabara ili vinase zile sehemu zinazofanana, kimoja kila upande wa eneo linalotofautiana. Mashine ya PCR kisha hukirudufu kilichopo katikati: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na kwa mizunguko 30 nakala moja inaweza kuzaa zaidi ya bilioni. Eneo linalopendwa sana, V4, lina herufi kama 250. Wahadza wa mwaka 2014 walisomwa kupitia eneo hilo.

Uzuri wa ndoano ni kwamba hainasi uchafu mwingi. DNA ya binadamu, ya mboga aliyokula na ya wadudu kwa sehemu kubwa hubaki nje. Maelfu machache ya vipande yanatosha kutoa picha ya sampuli moja, kwa hiyo mtafiti mwenye bajeti ndogo anaweza kupima mamia ya watu kwa mkupuo mmoja.

Ila samaki asiyemeza ndoano haingii kwenye kapu, na wakati mwingine herufi moja tu ndiyo inayoamua. Praima mbili zilizotumika duniani kote kwa eneo la V4 zilikuja kurekebishwa hivi:

```
515F  zamani  GTGCCAGCMGCCGCGGTAA
515F  mpya    GTGYCAGCMGCCGCGGTAA
806R  zamani  GGACTACHVGGGTWTCTAAT
806R  mpya    GGACTACNVGGGTWTCTAAT
```

Katika kila praima imebadilika herufi moja. Y inamaanisha mahali hapo panaweza kuwa na C au T, na N inamaanisha herufi yoyote. Praima za zamani zilikuwa zikiwapunja akea fulani pamoja na SAR11, kundi la bakteria lililo miongoni mwa yenye wingi mkubwa kabisa baharini. Waliohesabu maji ya bahari kwa ndoano ya zamani walipata SAR11 wachache kuliko waliomo.

Swali hilohilo linafaa kuulizwa kuhusu Wahadza. Je, Bifidobacterium walikosekana kweli, au ndoano haikuwanasa? Jibu liko Bologna. Waitalia walipimwa kwa ndoano ileile, na kwao Bifidobacterium walinaswa bila shida. Kwa hiyo ndoano haikuwa kipofu. Watu wazima wa Kihadza waliopimwa hawakuwa nao kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mtafiti makini hupima pamoja na sampuli zake kitu ambacho jibu lake analijua.

Kasoro ya pili ya ndoano iko kwenye hesabu. Bakteria hawana idadi sawa ya jeni ya 16S. E. koli anazo nakala saba, wa kifua kikuu anayo moja. Tuseme kwenye kichupa kuna seli 100 za kila mmoja. Ndoano itakuta nakala 700 za E. koli na 100 za yule mwingine, na ripoti itaandika asilimia 87.5 kwa 12.5, ilhali ukweli ni nusu kwa nusu. Zipo programu za kusahihisha, lakini zinategemea idadi ya nakala kwa kila aina iwe inajulikana, na kwa bakteria wengi wa porini haijulikani.

Kasoro ya tatu ndiyo ile ya ukoo. E. koli anayeishi tumboni kwa amani, yule anayeleta kuhara damu, na hata Shigela, hufanana mno kwenye 16S kiasi kwamba ndoano haiwatenganishi.

Njia ya pili haichagui jeni. DNA yote iliyomo kwenye kichupa hukatwakatwa kuwa vipande vya herufi mia kadhaa, na vipande hivyo husomwa ovyo ovyo kwa mamilioni. Waliobuni njia hii waliifananisha na bunduki inayotawanya marisau: mlio mmoja, risasi ndogo nyingi, kila moja na pake. Kompyuta ndiyo inayobaki na kazi ya kuviunganisha vipande kwa kutazama ncha zinazofanana.

Mwaka 2015 marisau yalipigwa kwenye sampuli za Wahadza, na maswali yakabadilika. Sasa watafiti hawakuuliza tu ni nani yumo, waliuliza anaweza kufanya nini. Waliona jeni za kuvunja wanga mgumu wa mimea, jambo la kutarajiwa kwa wala mizizi. Waliona pia jeni za usugu dhidi ya antibiotiki kwa watu ambao hawakuwa na mazoea ya dawa hizo. Ndoano isingeziona, kwa sababu jeni hizo haziko ndani ya 16S.

Mwaka huohuo, huko Peru, watafiti waliopima wawindaji wa Kimatses walitumia marisau kuunganisha jenomu za Treponema. Zilionekana kuwa karibu na Treponema succinifaciens, bakteria anayejulikana kutoka utumbo wa nguruwe na anayesaidia kuvunja nyuzinyuzi za chakula. Hazikuwa za bakteria wa kaswende. Utafiti mkubwa zaidi wa marisau kwa Wahadza, uliotoka katika jarida la Cell mwaka 2023 ukihusisha watu 167, nao ulimkuta Treponema succinifaciens. Ulikusanya jenomu zaidi ya 90,000 za bakteria, akea, virusi na viumbe wengine wadogo, na kukadiria kuwa Mhadha mzima ana wastani wa aina 730 tumboni, ilhali mkazi wa Kalifonia ana 277.

Tofauti hiyo inavutia, lakini ina sharti. Idadi ya aina hutegemea jinsi ulivyosoma kwa kina: kadiri unavyosoma vipande vingi, ndivyo walio adimu wanavyojitokeza. Kulinganisha sampuli iliyosomwa sana na iliyosomwa kidogo ni sawa na kulinganisha mavuno ya heka tano na ya heka moja bila kutaja ukubwa wa shamba.

Marisau nayo yana hasara zake. Yanapiga kila kitu, DNA ya mwenye sampuli ikiwemo. Kwenye kinyesi hiyo kwa kawaida ni sehemu ndogo, lakini kwenye mate au kipande cha ngozi ya utumbo inaweza kuwa sehemu kubwa ya vyote vilivyosomwa, na pesa ikaishia kusoma binadamu. Tena siri za mtu huyo zimo humo, kwa hiyo ni lazima DNA yake ichujwe kabla data haijatolewa hadharani.

Udongo ni mgumu zaidi. Gramu moja inaweza kubeba maelfu ya aina, na hakuna aliyejaa kiasi cha jenomu yake kukamilika kwa urahisi. Vipande vingi vinavyosomwa havifanani na chochote kilichopo kwenye hazina za jenomu. Isitoshe, utafiti wa mwaka 2016 wa udongo wa maeneo mbalimbali ulionyesha kwamba, kwa wastani, kama asilimia 40 ya DNA ya vijidudu iliyopimwa haikuwa ya seli zilizo hai, ilikuwa imebaki ardhini baada ya wenyewe kufa. Ndoano na marisau zote mbili huwahesabu marehemu pamoja na walio hai.

Pia zote mbili hudanganywa na dawa za maabara. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Uingereza lilichukua salmonela safi na kuizimua mara kumi, kisha kumi tena, na kuendelea. Kadiri salmonela ilivyopungua, ndivyo bakteria wa udongo na maji walivyojaa kwenye majibu, nao walitoka ndani ya dawa za kutolea DNA. Kinga yake ni kichupa kitupu kinachopitishwa hatua zote pamoja na vingine. Kikileta majina, majina hayo yatiliwe shaka kila yanapotokea, hasa katika sampuli zenye bakteria wachache.

Waliofanya kazi kwa Wahadza hawakulazimika kuchagua moja na kuitupa nyingine. Katika utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2017, ndoano ilitumika kwa sampuli 350 za watu 188 zilizokusanywa misimu ikipishana. Ilionyesha kuwa baadhi ya koo, Prevotellaceae wakiwemo, hupungua wakati wa masika ya asali na matunda, kisha hurudi kiangazi nyama inapopatikana. Marisau yalipigwa kwa sampuli chache zilizochaguliwa, ili kuona jeni za kuvunja wanga zinavyobadilika nazo.

Kwa mwanafunzi au mtafiti anayepanga kazi ya aina hii, mpango huo ndio unaofaa kuigwa: ndoano kwa wengi ili kuona mwelekeo, marisau kwa wachache ili kujua wanachofanya. Na bila kujali njia atakayochukua, aandike kwenye ripoti yake praima alizotumia, vipande vingapi alivyosoma kwa kila sampuli, na nini kilitoka kwenye kichupa kitupu.