Gawio Linapogeuka Deni

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Kampuni kupata faida hakumpi mwanahisa haki ya kuidai. Fedha hizo hubaki za kampuni hadi gawio litangazwe na wenye mamlaka ya kulitangaza, na hapo ndipo deni linapozaliwa, hata kama malipo yatafanyika wiki kadhaa baadaye.

Kwa kawaida, Tanzania na Kenya, bodi ya wakurugenzi hupendekeza gawio la mwisho wa mwaka na mkutano mkuu wa wanahisa huliidhinisha. Mkutano unaweza kupunguza kiwango kilichopendekezwa, lakini hauwezi kukizidisha. Pendekezo la bodi peke yake halijawa deni, na wengi hukosea hapa wanaposoma tangazo gazetini na kuanza kuhesabu fedha.

Tuseme kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ina hisa milioni 2 na hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mwezi Machi bodi inapendekeza gawio la shilingi 50 kwa kila hisa. Mkutano mkuu unaliidhinisha tarehe 28 Mei, na malipo yanapangwa tarehe 30 Juni. Mhasibu haandiki deni lolote katika mizania ya Desemba, ingawa faida inayogawiwa ni ya mwaka huo. Kanuni za kimataifa za uhasibu zinakataza jambo hilo, kwa kuwa siku hesabu zilipofungwa kampuni haikuwa na wajibu wa kulipa. Pendekezo hutajwa tu katika maelezo ya hesabu.

Tarehe 28 Mei faida limbikizi inapunguzwa kwa shilingi milioni 100, na kiasi hichohicho kinaingia upande wa madeni ya muda mfupi kama gawio linalodaiwa. Fedha za benki hazijaguswa. Tarehe 30 Juni deni linafutwa: wanahisa wanapata milioni 95, na milioni 5, yaani kodi ya zuio ya asilimia 5, zinakwenda Mamlaka ya Mapato. Wanaolipwa ni wale waliokuwamo kwenye daftari la wanahisa siku lilipofungwa, si lazima wenye hisa siku ya malipo.

Gawio la kati ya mwaka, linaloamuliwa na bodi pekee, ni dhaifu zaidi. Kwa sheria zenye asili ya Uingereza, bodi inaweza kulifuta kabla halijalipwa. Lile lililoidhinishwa na mkutano mkuu haifutiki kwa uamuzi wa bodi, na mwanahisa asiyelipwa siku ya malipo ikishapita anaweza kushtaki kama mdai mwingine yeyote. Hata hivyo, kampuni ikifilisika kabla ya kulipa, deni lake husubiri hadi wadai wa nje walipwe kwanza.