Hakuna fomula moja ya kumaliza mchemraba

"Naomba ile fomula moja, unairudia tu mpaka rangi zote zinakaa sawa." Ombi hili nimelisikia hadi limenichosha. Huletwa na mtu aliyeona video ya kijana anayerudia mizunguko minne ileile, na mchemraba unakamilika mbele ya kamera. Fomula yenyewe ni hii:

```
R U R' U'
```

Tuisome kwanza. R ni uso wa kulia, L wa kushoto, U wa juu, D wa chini, F wa mbele, B wa nyuma. Herufi peke yake ni robo mzunguko kufuata mshale wa saa, yenye alama juu ni kinyume chake, na yenye 2 ni nusu mzunguko. Mshale wa saa huo ni wa mtu anayeutazama uso husika ana kwa ana. Ndiyo maana R huipandisha safu ya kulia iliyo mbele yako, ilhali L huishusha ile ya kushoto. Wanaokosea L na D wamesahau hilo tu.

Sasa chukua mchemraba uliokamilika, fanya fomula hiyo mara sita. Utarudi palepale ulipoanzia. Hiyo ndiyo siri ya video: ukiuvuruga mchemraba kwa kurudia fomula mara tatu nje ya kamera, mara tatu zinazobaki zitaukamilisha. Fomula yoyote ile, ukiirudia, hukuzungusha kwenye duara na kukurudisha mwanzo. R U inahitaji marudio 105, na hakuna inayozidi 1,260. Ukianza na mchemraba uliovurugwa na mtu mwingine, duara litakurudisha kwenye mvurugo uleule. Hali zinazowezekana ni 43,252,003,274,489,856,000, na duara la mizunguko minne linagusa 24 tu. Kwa hiyo usiniambie kwamba hukuwa na subira. Hata ungekesha, usingefika.

Lakini fomula hiyo ina kazi yake halali, na ni kazi ya pembe moja. Tunajenga kwa matabaka. Anza na msalaba mweupe chini, kila kipande cha ukingo kikilingana pia na rangi ya kipande cha kati cha pembeni yake. Wengi hujaza uso mweupe wakasahau pembeni, kisha wanashangaa kwa nini hawasongi mbele. Vipande vya kati havihami, hivyo ndivyo vinavyokuambia uso ni wa rangi gani. Kisha leta pembe yenye nyeupe kwenye tabaka la juu, kulia mbele, juu kabisa ya nafasi yake, na urudie R U R' U' mara moja, tatu au tano. Itaingia ikiwa imegeuka sawasawa. Pembe nne, na tabaka la kwanza limeisha.

Tabaka la pili lina vipande vinne vya ukingo. Tuseme kijani kiko mbele na chungwa kulia. Tafuta juu kipande cha kijani na chungwa, uzungushe U mpaka kijani chake kigusane na kijani cha kati cha mbele, kisha:

```
U R U' R' U' F' U F
```

Kinashuka kulia. Cha kushuka kushoto ni U' L' U L U F U' F'.

Tabaka la juu, haraka haraka. Msalaba wa njano: F R U R' U' F', mstari ukiwa umelala kutoka kushoto kwenda kulia, ukiona umbo la L, liweke nyuma na kushoto, na ikiwa huna kitu, anza popote, kisha urudie. Kupanga kingo: R U R' U R U2 R' U, zilizo sahihi zikiwa nyuma na kulia. Kupanga pembe: U R U' L' U R' U' L, iliyo sahihi ikiwa kulia mbele. Kugeuza pembe: R' D' R D mara mbili au nne kwa kila pembe iliyo kulia mbele juu, halafu zungusha U pekee kuleta inayofuata. Chini kutaonekana kumeharibika. Usiguse, kutarudi pembe ya mwisho ikikaa.

Ukifika kwenye msalaba ukakuta njano imetazama juu kwenye kipande kimoja au vitatu vya ukingo, acha fomula. Hesabu sahihi ni sifuri, viwili au vinne. Vivyo hivyo pembe moja pekee ikibaki imegeuka mwishoni: kuna aliyeifungua au kuipinda kwa nguvu. Itoe, uirudishe ikiwa imekaa sawa.