Mstari wa Mwisho wa Ankara ya Maji

Ankara ya maji ikifika, jicho la wengi hukimbilia mstari wa mwisho, penye jumla ya kulipa. Namba hiyo ndiyo inayopigwa picha, ndiyo inayotumwa kwa mwenye nyumba, na ndiyo inayoishia kwenye daftari kuwa "maji, mwezi wa tano". Kwa anayetaka kulipa, haina tatizo. Kwa anayetaka kujua maji ya mwezi wa tano yamegharimu kiasi gani, namba hiyo hudanganya mara kwa mara, kwa sababu imebeba deni la nyuma, imepunguzwa malipo ya katikati ya mwezi, na pengine imeingizwa marekebisho ya kosa la zamani.

Nachagua maji kwa makusudi. Umeme wa majumbani Tanzania kwa sehemu kubwa hununuliwa kwa LUKU, na anayelipa kabla ya kutumia hana usomaji wa mwezi wa kuhangaika nao. Maji katika nyumba nyingi bado husomwa kwanza na kulipwa baadaye, na ankara yake ndiyo yenye mambo yote manne: usomaji wa mita, uniti zilizotumika, madaraja ya bei na deni.

Tuchukue nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, yenye familia mbili zinazotumia mita moja. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, maana kila mamlaka ya maji ina bei zake zilizoidhinishwa na EWURA. Ankara ya Mei inasema usomaji uliopita, wa tarehe 12 Aprili, ulikuwa 1,342, na usomaji wa sasa, wa tarehe 12 Mei, ni 1,368. Uniti zilizotumika ni 26. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au ndoo 50 za lita ishirini. Gharama ya maji imeandikwa 41,400, tozo 414, deni la nyuma 38,250, malipo yaliyopokelewa 20,000, na jumla ya kulipa 60,064.

Mwenye nyumba akiigawa hiyo 60,064 kwa mbili, kila familia italipa 30,032. Lakini familia moja imehamia Aprili, na deni lote la nyuma lilikuwepo kabla yake. Gharama halisi ya mwezi ni 41,400 na tozo 414, jumla 41,814, na nusu yake ni 20,907. Kwa kufuata mstari wa mwisho, mpangaji mpya amelipia shilingi 9,125 za maji ambayo hakuyaoga wala kuyapikia. Ugomvi wa namna hii kwenye nyumba za kupanga huitwa ugomvi wa maji, ingawa maji hayana kosa lolote.

Kwa hiyo jedwali la kila mwezi linahitaji safu zaidi ya moja ya fedha. Andika tarehe mbili za kusomwa mita, usomaji uliopita, usomaji wa sasa, uniti, gharama ya mwezi pamoja na tozo zake, kisha, mbali kidogo, deni lililoingia, malipo, na bakaa. Gharama hujibu swali la "tumetumia kiasi gani". Deni na malipo hujibu swali la "tunadaiwa kiasi gani". Ukijumlisha safu ya gharama kwa mwaka mzima unapata matumizi ya mwaka. Ukijumlisha mistari ya mwisho ya ankara zote, deni lile lile litahesabiwa mara mbili, tatu, hata nne, kila mwezi linapobebwa mbele.

Tatizo linalofuata ni kuzitoa namba hizo kwenye picha. Ankara nyingi hufika zikiwa picha ya simu iliyopigwa kwa haraka: karatasi imekunjwa, kivuli cha mkono kimelala juu ya mistari, na WhatsApp imeibana picha hadi tarakimu zimevimba. Karatasi za mashine ndogo anazobeba msoma mita huchapwa kwa joto, na joto hilo hilo huzifuta. Iliyokaa wiki chache juu ya dashibodi ya gari huwa haina kitu cha kusoma. Ipige picha siku ile ile inapofika, ukiwa umeilaza mezani karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, pembe zote nne zikionekana. Ukiituma, itume kama faili badala ya picha ya kawaida ili isibanwe.

Awe mtu anayenakili au programu ya simu inayosoma maandishi kwenye picha, makosa hufanana. Tarakimu 6 huwa 8, 1 huwa 7, na 3 yenye mkunjo katikati huwa 8. Mkato wa maelfu hugeuka nukta, kisha 1,368 huingia kwenye jedwali kama moja na sehemu kidogo. La hatari zaidi ni alama ndogo ya kutoa mbele ya deni. Mteja aliyelipa zaidi mwezi uliopita ana salio lake, ambalo ankara huonyesha kama deni hasi. Ile alama ikipotea kwenye picha, aliyekuwa anadai anageuka mdaiwa.

Jambo zuri ni kwamba ankara ya maji inajisahihisha yenyewe kwa mtu anayejua pa kubonyeza. Tuseme picha ya Tabata imesomwa 1,388 badala ya 1,368. Toa 1,342, unapata 46, wakati uniti zilizochapwa ni 26. Tayari unajua kuna tarakimu mbovu, ila hujui ni ipi. Fungua mstari wa Aprili kwenye jedwali. Usomaji wa sasa wa mwezi ule ndio usomaji uliopita wa mwezi huu, na kama Aprili uliandika 1,342, basi namba hiyo ni salama. Zimebaki mbili, usomaji wa sasa na uniti, na hapo ndipo madaraja ya bei yanapoamua.

Tuseme bei ni shilingi 1,200 kwa kila uniti katika uniti 5 za kwanza, 1,600 kuanzia ya 6 hadi ya 20, na 1,900 kwa zinazozidi. Kila uniti hulipiwa bei ya daraja lake. Wengi hudhani ukivuka uniti 20 basi maji yote hugeuka kuwa ya 1,900. Kuna mifumo inayotoza hivyo, kwa hiyo angalia ankara yako inagawaje, lakini kwa bei za ngazi kama hizi sivyo. Uniti 5 ni shilingi 6,000, 15 zinazofuata ni 24,000, na 6 za juu ni 11,400. Jumla ni 41,400, sawasawa na iliyochapwa. Zingekuwa uniti 46, gharama ingekuwa 79,400. Fedha zimethibitisha uniti 26, na uniti zimethibitisha kwamba usomaji wa sasa ni 1,368.

Kwenye Excel, kama uniti ziko safu ya F, hesabu hiyo ya madaraja ni mstari mmoja:

```
=MIN(F2,5)*1200+MAX(0,MIN(F2,20)-5)*1600+MAX(0,F2-20)*1900
```

Iweke kwenye safu ya pembeni na uilinganishe na gharama iliyosomwa kwenye picha. Tofauti ya shilingi moja au mbili ni ya kukadiria desimali. Tofauti kubwa ina maana picha imesomwa vibaya, au bei zimebadilika. Bei zikibadilika, usizifute za zamani. Anza mstari wa hesabu mpya kuanzia tarehe ya mabadiliko, la sivyo miezi yote ya nyuma itaonekana ina makosa.

Upande wa deni una hesabu yake fupi: 38,250 toa 20,000 ni 18,250, ongeza 41,814 unapata 60,064. Hesabu hiyo isipokubali, mara nyingi chanzo ni tarehe. Malipo yaliyofanyika baada ya ankara kuchapwa hayawezi kuonekana humo, yatatokea mwezi unaofuata. Yaandike kwenye jedwali kwa tarehe ya risiti, usiyalazimishe kuingia kwenye ankara ambayo haikuyajua.

Kuna miezi ambayo usomaji wote ni wa kubuni. Msoma mita amekuta geti limefungwa, mamlaka inakadiria, na mahali fulani kwenye ankara huandikwa neno dogo la makadirio ambalo ni rahisi kulikosa kwenye picha. Neno hilo linastahili safu yake. Chukua nyumba inayotumia uniti 26 kila mwezi. Mwezi mmoja imekadiriwa uniti 8, na mwezi unaofuata mita imesomwa kweli, kwa hiyo ankara inaonyesha uniti 44. Kwa bei zetu, ankara ya kwanza ni shilingi 10,800 na ya pili 75,600, jumla 86,400. Kama zingesomwa 26 na 26, jumla ingekuwa 82,800. Maji ni yale yale, lakini shilingi 3,600 zimeongezeka kwa sababu uniti 12 zilizostahili bei ya 1,600 zimelipiwa 1,900. Mteja mwenye jedwali anaweza kwenda ofisini akaomba uniti zigawanywe kwenye miezi miwili, na anayo hesabu mkononi.

Mita ikibadilishwa, hesabu ya kutoa haitakubali, na haipaswi kukubali. Usomaji uliopita ni wa mita ya zamani na wa sasa ni wa mpya. Dalili yake ni namba ya mita, ambayo watu hawainakili kamwe. Inakili, hata kama inaonekana haina kazi.

Uchunguzi wote huu una mpaka wake. Unaweza kujua kwamba picha imesomwa sawa na kwamba ankara inakubaliana na nafsi yake, lakini msoma mita akiandika 1,368 wakati mita inaonyesha 1,358, kila hesabu itapita. Kwa hilo inahitajika picha ya pili, ya uso wa mita yenyewe, ikionyesha namba ya mita na tarakimu zake. Kwa mita nyingi za nyumbani, nyeusi ndizo uniti kamili zinazolipiwa, na nyekundu ni sehemu ya uniti, hazimo kwenye ankara. Mita nzima hairudi nyuma. Kama ankara ya tarehe 12 Mei inasema 1,368 na tarehe 20 Mei mita ya nyumbani kwako bado inaonyesha 1,359, kosa liko kwenye ankara, na picha yenye tarehe ndiyo ya kupeleka ofisini. Kwenye jedwali acha namba ya ankara kama ilivyo, na pembeni yake andika usomaji wako na tarehe, hadi marekebisho yatakapotokea kwenye ankara inayofuata.