Mikroni Zinazoamua Kazi ya Betri

Weka mezani seli mbili za lithiamu za Samsung: 35E na 25R. Zote ni za umbo lile lile linaloitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zote zina grafiti upande wa hasi, na upande wa chanya zina oksidi yenye nikeli nyingi. Lakini ukisoma karatasi zake za maelezo utadhani ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza hubeba mAh 3,500 na inaruhusiwa kutoa ampea 8 mfululizo. Ya pili hubeba mAh 2,500 tu, lakini hutoa ampea 20 mfululizo. Moja ina akiba kubwa, nyingine ina nguvu, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na unene wa kitu kilichopakwa ndani.

Ukilifungua kopo la seli kama hii kiwandani, hukuti kimiminika wala unga. Unakuta mkanda mrefu uliovingirishwa kama mkeka. Mkanda huo una karatasi ya alumini iliyopakwa kemikali za chanya pande zote mbili, karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti pande zote mbili, na utando wa plastiki wenye vitundu unaozitenganisha zisigusane. Tabaka zilizopakwa ndizo zinazohifadhi lithiamu. Alumini, shaba na plastiki hazihifadhi chochote, ila bila hizo umeme hauna njia ya kutokea.

Hapo ndipo mbunifu anapoanza kupiga hesabu. Tuchukue vipimo vya mfano, vinavyokaribiana na vya viwandani. Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Kwa kila upande mmoja uliopakwa, plastiki pamoja na nusu ya unene wa alumini na nusu ya shaba hufika kama mikroni 30. Ukipaka chanya mikroni 35 na hasi mikroni 35, jumla ni mikroni 100, na sehemu inayohifadhi umeme ni asilimia 70. Ukipaka mikroni 85 kila upande, jumla ni mikroni 200, na sehemu hiyo inapanda hadi asilimia 85. Kopo ni lile lile, kemikali ni zile zile, lakini akiba imeongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Tena umeokoa shaba na alumini, kwa hiyo kila kizio cha umeme kimekutoka kwa bei nafuu.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Kwa kuwa kila zungushio limekuwa nene maradufu, mkanda unaoingia kwenye kopo umepungua kutoka kama sentimita 112 hadi 56. Eneo la kupitishia umeme limekatika nusu. Ukidai ampea 20 kutoka kwa mkanda mfupi, kila sentimita ya mraba inabeba mzigo mara mbili, na juu ya hapo ioni za lithiamu zina safari ndefu zaidi ya kupenya ndani ya tabaka.

Safari hiyo ndiyo kiini cha jambo. Tabaka lililopakwa limejaa vitundu vidogo vyenye elektroliti, na ioni husafiri humo kwa kusambaa polepole. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kusambaa hadi chini huongezeka mara nne. Kwa mkondo mdogo ioni hufika kote bila shida. Mkondo ukiwa mkali, mambo huenda kama kwenye mfereji wa umwagiliaji: mashamba ya mwanzoni hunywa maji yote, na ya mwishoni hukauka. Punje za kemikali zilizo karibu na plastiki hujaa mapema, zile zilizo karibu na alumini hukosa ioni, volti huporomoka, na kifaa hujizima kikidai betri imeisha. Dalili ya hali hii ni rahisi kuiona: iache seli nusu saa, volti itapanda tena, na kwa mkondo mdogo utapata umeme uliokuwa umebaki ndani.

Kuchaji ndiko kwenye hatari zaidi. Grafiti hubadilika rangi kadiri inavyopokea lithiamu: ikiwa tupu ni nyeusi, ikijaa kiasi huwa nyekundu, ikijaa kabisa huwa ya dhahabu. Watafiti waliotazama tabaka nene likichajiwa kwa kasi wameona rangi hizo zikipangana: dhahabu upande wa plastiki huku chini bado kukiwa cheusi. Ukizidisha mkondo wakati uso umeshajaa, lithiamu inayofuata haipati pa kuingia, nayo hujipaka juu ya grafiti kama metali ya kijivu. Baridi huzidisha jambo hili. Sehemu ya lithiamu hiyo hupotea moja kwa moja, na inayobaki inaweza kuota nyuzi zinazotoboa plastiki na kusababisha shoti. Ndiyo maana 35E hairuhusiwi kuchajiwa zaidi ya ampea 2, ilhali 25R yenye akiba ndogo hupokea hadi ampea 4.

Unene si jambo pekee. Kwa seli ya nguvu mbunifu huacha vitundu vingi zaidi, huongeza kaboni ya kupitisha umeme, na huweka njia pana zaidi za kuutoa umeme kwenye mkanda. Haya yote hula nafasi, ndiyo maana 25R iko chini hata ya makadirio yetu ya unene peke yake. Na kwa seli ya akiba hawezi kunenepesha bila mwisho. Kemikali hupakwa zikiwa uji mzito, kisha hukaushwa kwenye oveni ndefu na kubanwa kwa rola. Uji ukiwa mnene mno, kimiminika kinapopanda na kukauka hubeba gundi hadi juu. Chini hubaki dhaifu, tabaka hupasuka kama tope la bwawa lililokauka au hubanduka kwenye karatasi linapovingirishwa.

Kwa fundi anayeokoa seli za laptop ili afufue drili ya volti 18, haya yana maana ya moja kwa moja. Drili hiyo ina seli tano zilizofuatana, na ikikaza parafujo ngumu inaweza kuvuta ampea 20. Ukinzani wa 35E umewekewa kikomo cha miliomu 35, wa 25R miliomu 18. Kwa ampea 20, ya kwanza inaweza kupoteza volti 0.7 na kutoa wati 14 za joto ndani ya kikopo kimoja. Ya pili ikiwa kwenye kikomo chake hutoa wati 7 hivi. Fundi aliyechagua kwa kuangalia mAh peke yake amepata drili dhaifu, inayochemka, ambayo seli zake zinatumika mara mbili na nusu ya kiwango zilichoruhusiwa.

Seli hizo hizo zingefanya kazi vizuri kama angeziunganisha tatu tatu sambamba, kwani kila moja ingebeba chini ya ampea 7. Watengeneza magari hupiga hesabu hiyo hiyo. Injini ya umeme ya kilowati 100 ikilishwa na betri ya kilowati-saa 60, betri hiyo inaombwa umeme kwa kasi ya kuimaliza kwa dakika 36, kazi ambayo tabaka nene kiasi linaiweza kwa muda mfupi wa kuongeza mwendo. Gari la mseto lenye betri ya kilowati-saa 10 likidai nguvu hiyo hiyo, kasi inakuwa ya kuimaliza kwa dakika 6, na hapo mbunifu hana budi kupaka tabaka jembamba na kulipia shaba nyingi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua unene, anauliza kwanza betri nzima itakuwa kubwa kiasi gani, na itaombwa ampea ngapi.