Harami na Kibano: Bei ya Kusubiri Uthibitisho

Harami kwenye chati ni neno la Kijapani lenye maana ya mjamzito, wala halihusiani na harami wetu anayevunja nyumba za watu. Mshumaa mkubwa hufuatwa na mdogo ambao mwili wake umo ndani ya mwili wa ule wa kwanza. Kibano ni mishumaa miwili iliyogota chini mahali pamoja. Baada ya bei kushuka, vyote viwili vinakuambia tu kwamba wauzaji wamepumzika. Havionyeshi kwamba wanunuzi wameingia.

Kwenye fedha za kigeni dalili hiyo ni dhaifu zaidi, kwa sababu siku huanzia karibu palepale ilipofungwa jana. Mshumaa wowote mdogo wa kijani baada ya mwekundu mrefu huonekana kama harami. Nacho kibano kinaweza kuonekana kwa dalali mmoja na kukosekana kwa mwingine, maana kila dalali ana bei zake.

Tuseme yuro imeshuka kwa wiki mbili dhidi ya dola. Jumatatu inafungua 1.0900, inagota 1.0790, inafunga 1.0800. Jumanne inaanzia 1.0800, inagota tena 1.0790, inapanda hadi 1.0855 na kufunga 1.0845. Hapo una harami na kibano kwa pamoja. Unataka kununua yuro 10,000, ambapo kila pipsi ni dola 1. Hasara unaikata 1.0780, faida unaichukua 1.1040.

Ukinunua Jumanne hiyohiyo kwa 1.0845, unahatarisha dola 65 ili upate 195. Ukisubiri siku ifunge juu ya kilele cha Jumanne, tuseme 1.0865, unahatarisha 85 ili upate 175. Ukingoja ifunge juu ya 1.0900, tuseme 1.0910, ni 130 kwa 130. Kabla ya gharama za dalali, wa kwanza anahitaji kupatia mara moja katika nne, wa pili takriban moja katika tatu, wa tatu nusu nzima. Kusubiri, basi, kuna bei yake.

Mimi huchagua njia ya pili, na hupunguza mzigo hadi yuro 7,600 ili hasara ibaki dola 65. Ya tatu naiona ghali mno, isipokuwa lengo likiwa mbali zaidi.

Jambo ninalolisisitiza ni kufunga. Siku ya soko hili huisha saa 11 jioni ya New York, yaani saa 6 au 7 usiku Afrika Mashariki kutegemea msimu. Bei ikichungulia 1.0860 mchana kisha ikarudi 1.0830 kabla ya kufunga, hujathibitishiwa kitu. Siku tatu zikipita bila kufunga juu ya 1.0855, achana na biashara hiyo. Ikifunga chini ya 1.0780, aliyenunua Jumanne ameshakatwa dola zake 65, na aliyesubiri hajatoa hata senti.