Ukikwama katika usaili wa programu, taja ulipokwama

KATIKA usaili wa waandishi wa programu za kompyuta, ambao aghalabu huchukua dakika 45 hadi saa moja, msaili hapimi jibu pekee. Hupima pia njia iliyolifikia. Ndiyo maana msailiwa hutakiwa kufikiri kwa sauti. Ugumu huja pale fikra zenyewe zinapokatika.

Chukua swali hili: katika orodha 3, 4, -2, 2, 5, kuna vipande vingapi vya namba zinazofuatana ambavyo jumla yake ni 7? Wengi huanza na dirisha linalosogea: huongeza namba upande wa kulia, na jumla ikizidi 7 huondoa zilizo kushoto. Njia hiyo hukipata kipande 3, 4 na kipande 3, 4, -2, 2. Ikiongezwa 5, jumla huwa 12. Huondolewa 3, kisha 4, inabaki 5, na orodha imekwisha. Kipande 2, 5 kimepotea.

Anayenyamaza hapo humwacha msaili bila la kuandika, na anayeomba radhi huku akifuta ubao mzima hutupa hata kilicho sahihi. Heri aseme: "Nilidhani kuondoa namba ya kushoto hupunguza jumla. Kwa -2 si kweli, kuiondoa huongeza. Basi dirisha halifai penye namba hasi." Msaili anayesikia hayo anajua kwamba chanzo cha kosa kimeonekana.

Kisha aitaje njia ya polepole iliyo sahihi, yaani kujaribu kila mwanzo na kila mwisho. Namba 5 zina vipande 15. Namba 1,000 zina vipande 500,500. Wingi huo humfanya aulize, bado kwa sauti, ni kazi gani inayorudiwa bure. Ni kujumlisha. Akiweka jumla tangu mwanzo wa orodha anapata 0, 3, 7, 5, 7, 12. Sasa kila kipande kinachotafutwa ni jozi ambayo jumla ya baadaye inazidi ya awali kwa 7: 0 na 7 ya kwanza, 0 na 7 ya pili, 5 na 12. Ni vitatu. Akihifadhi katika jedwali kila jumla imetokea mara ngapi, ataipitia orodha mara moja tu.

Kimya si kosa kikiombwa: "Naomba dakika moja nifikiri, kisha nitaeleza." Kwa upande mwingine, kutamka kila herufi unayoandika ni kelele tu. Msaili akidokeza jambo, lirudie kwa maneno yako na ulijaribu kwenye mfano. Kuitikia kisha kuendelea na njia ya zamani hudhuru kuliko kukwama kwenyewe. Zikibaki dakika 15 na njia ya haraka haijapatikana, andika ile ya polepole, ipime kwa orodha ileile, na useme wazi kwamba kasoro yake ni muda.